Walionikataa ni wengi kuliko walionichagua

Hotuba ya shukrani ya mwakilishi wadi mteule, Kaunti ya Kilifi. Ilitolewa Jumamosi, 13 Agosti 2022, katika uwanja wa shule ya msingi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini, baharini au safarini.

Hamjambo? Hamjambo tena? Wazee wangu, kina mama, kaka na dada zangu, vijana mliopanda juu ya ukuta (shukeni, ukuta huo ni wa chekechea na hauna nondo): asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Shehe ametuombea, mchungaji ametuombea, mzee wa kaya naye amesema neno lake. Basi hakuna aliyeachwa nje, na mimi nitaanza na shukrani.

Nawashukuru mliosimama foleni Jumanne. Vituo vilitakiwa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini nilipofika palepale mlangoni kabla ya saa hiyo niliwakuta kina mama wamekwisha kaa chini wamevua ndara, na mwingine ananyonyesha. Nawashukuru wavuvi ambao siku ile waliacha maji mazuri yapite. Nawashukuru wazee ambao mashine ilikataa vidole vyao, vidole vilivyolimwa na jembe na kuchubuliwa na kamba mpaka alama zikafutika, nao hawakurudi nyumbani kwa hasira. Walikaa kando kwenye kivuli mpaka wakatafutwa kwa kitambulisho na jina. Nawashukuru mliokuwa bado kwenye mstari saa kumi na moja jioni ilipogonga, mtu akawaambia kituo kimefungwa, mkamjibu kwamba sheria inasema aliye kwenye foleni saa hiyo atapiga kura. Nani aliwafundisha? Mlijifundisha wenyewe. Mkakaa, mkapiga.

Nawashukuru mawakala wangu, waliolala kwenye madawati ya kituo cha kujumlishia kura wakila mahamri ya jana. Lakini kuna wakala mmoja nataka nimshukuru zaidi, na huyo hakuwa wangu.

Nisikilizeni vizuri. Katika kituo kimoja upande wa juu, kura zilipokwisha hesabiwa usiku, afisa wa kituo akajaza fomu 36A. Mnaijua hiyo fomu? Ndiyo karatasi ya kura za mwakilishi wadi, inayoandikwa majina yetu wote na kura za kila mmoja, mawakala wanatia sahihi, na nakala inabandikwa mlangoni. Afisa yule alikuwa hajalala tangu siku iliyotangulia. Akaandika kwamba mimi nimepata kura 113. Wakala wangu alikuwa amechoka vilevile, akatia sahihi.

Kijana mmoja akasema, "Ngoja." Alikuwa wakala wa mpinzani wangu. Kazi yake ni ukarani katika duka la saruji na mabati. Alikuwa amejumlisha kura za wagombeaji wote pembeni kwa kalamu yake, halafu akalinganisha na jumla ya kura halali iliyoandikwa chini. Hazikulingana. Zilipungua 18. Yeye, kwa mazoea ya vitabu vya duka, anajua kwamba hesabu ikikosana kwa namba inayogawanyika kwa tisa, mara nyingi mtu amegeuza tarakimu mbili. Akaipitia orodha jina kwa jina. Akamwambia afisa, "Fungua vile vifurushi vya huyu mama, tuhesabu." Vikafunguliwa. Zilikuwa kura 131, si 113. Afisa akakata, akaandika upya, akatia sahihi pembeni, mawakala wote wakashuhudia.

Kura 18 hizo hazikuwa za mgombeaji wake. Zilikuwa zangu. Angenyamaza, nani angejua? Mkubwa wake alikuwa nyuma yangu, na pengo kati yetu lilikuwa dogo. Kijana yule hakunipigia kura. Lakini aliilinda kura yangu. Na aliyelinda kura yangu amelinda nafasi hii niliyosimama leo kuliko hata aliyenipigia akaenda zake kulala.

Yuko hapa. Nimemwomba nimtaje jina, amekataa, anasema mwajiri wake hapendi siasa. Nampigia makofi bila jina. Mpigieni na nyinyi.

Haya. Sasa naomba mnivumilie, nitasema jambo ambalo washauri wangu walinikataza. Walisema, "Mama, leo ni siku ya furaha, usiharibu." Mimi nasema hesabu haiharibu furaha.

Mimi nimeshinda. Lakini katika kila kura kumi zilizopigwa katika wadi hii, zangu hazikufika nne. Sita na zaidi zilikwenda kwa wengine. Rais wa nchi hii hawezi kushinda hivyo: Katiba inamtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote, tena apate angalau robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani kaunti 24 kati ya 47. Ndiyo maana mpaka saa hizi tumekaa na redio sikioni tukingoja matokeo ya rais kutoka Bomas. Akikosa, mnarudia. Mwakilishi wadi harudiwi. Akiwa mbele kwa kura moja tu, basi, amepita. Tulisimama wengi, tukagawana kura, mimi nikatokea mbele. Ushindi wangu ni halali, ninao cheti chake. Lakini nani anaweza kusimama hapa aseme "wadi nzima imenitaka"? Si mimi. Walionikataa ni wengi kuliko walionichagua.

Ndugu zangu mliompigia Mwalimu, mliompigia Kapteni, mliompigia dada yetu wa soko, mliompigia yule kijana wa chuo: mko wapi? Inueni mikono. Msiogope, hakuna anayeandika majina. Tazameni mikono hiyo. Watu wangu mliovaa rangi yangu, tazameni vizuri. Hao ndio wengi. Nikiongoza kwa ajili ya wale wanne tu, nitakuwa mwakilishi wa sehemu ndogo ya wadi ninayelipwa na wadi nzima. Hiyo ni haki?

Na tunajua kura ziligawanyika wapi. Tuseme tu, hakuna siri, fomu zilibandikwa milangoni kila mtu akasoma. Huku chini ya barabara kuu ya Malindi, upande wa bahari, nilipata kura nyingi. Kule juu ya barabara, upande wa bara, nilipata kidogo sana, na kuna kituo kimoja ambacho nikiwataja walionipigia naweza kuwajua kwa sauti. Mwalimu ni wa kule. Kule ndiko alikofundisha, alikozika wazazi wake, watu wake walimpenda. Sasa kuna minong'ono inayopita tangu Alhamisi: "Wa juu watakiona." Watakiona nini? Nani amesema? Anayesema hivyo hasemi kwa kinywa changu.

Nawaambia kwa nini minong'ono hiyo inatisha watu. Si mara ya kwanza. Miaka kadhaa iliyopita, si kwetu, ni wadi nyingine, kulikuwa na msichana aliyeomba basari ya kaunti. Alikuwa na barua ya shule, barua ya chifu, karatasi za matokeo, kila kitu. Orodha ilipotoka jina lake halikuwemo. Mama yake akaenda kuuliza. Aliyekuwa na orodha hakumwambia karatasi gani imepungua. Alimwambia, "Muulize mumeo alivaa fulana ya nani." Msichana alikaa nyumbani muhula mzima, mpaka shangazi yake aliyeko Mombasa akauza friji. Mama yule ni rafiki yangu tangu utotoni. Fulana ile mumewe alipewa bure kwenye mkutano, akaivaa kulimia.

Kwa hiyo nasema mbele yenu, na anayerekodi kwa simu arekodi. Sitashika orodha ya basari. Haitalala nyumbani kwangu, haitasafiri kwenye gari langu. Maombi yatapokelewa kwa msimamizi wa wadi, ambaye ni mfanyakazi wa kaunti, hakuajiriwa na mimi na siwezi kumfukuza. Kila fomu itapewa namba, mwombaji ataondoka na namba hiyo. Orodha itakapokamilika itabandikwa mlangoni kwa namba, jina la shule na kiasi cha pesa, bila majina, ili asiaibishwe mtoto wa mtu. Aliyekosa ataandikiwa sababu. Na katika kamati nitapendekeza wakae watu wawili kutoka upande wa juu, wasiochaguliwa na mimi. Nimemwomba Mwalimu awapendekeze. Amesema atafikiri. Ana haki ya kufikiri.

Hapa niongeze jambo moja, maana tangu juzi simu yangu haizimi. Kuna mtu amenipigia saa tisa usiku kuhusu ada ya sekondari. Kuna mwingine kuhusu kitambulisho. Ndugu zangu, shule za msingi na sekondari, polisi na vitambulisho viko chini ya serikali kuu. Kaunti inashughulikia chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali zake, barabara zake, maji, masoko, kilimo na uvuvi. Pesa za hazina ya eneo bunge ziko kwa mbunge. Na hata hayo ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inaniambia niwe karibu nanyi, niwaulize, nipeleke maoni yenu kwenye bunge la kaunti, nihudhurie vikao. Halafu kifungu hichohicho kinanikataza kufanya kazi za serikali ya kaunti kana kwamba mimi ni afisa wake. Sichongi barabara. Mimi ni kura moja kati ya wawakilishi 35 waliochaguliwa Kilifi, pamoja na wale wa kuteuliwa, tutakaokaa Malindi kupitisha bajeti na kuikagua. Atakayewaambia mwakilishi wadi ana trakta uani anawadanganya.

Kwa nini nawaambia haya leo, siku ya sherehe? Kwa sababu aliyenipigia kura anadhani zahanati itapakwa rangi Jumatatu, na asiyenipigia anadhani kwake haitapakwa kamwe. Wote wawili wamekosea, na kosa ni lile lile, la kudhani pesa ziko mfukoni mwangu.

Pesa ziko wapi? Mwaka wa fedha wa kaunti ulianza 1 Julai. Bajeti inayotumika sasa ilipitishwa na bunge lililotangulia, kabla hamjanichagua. Mradi wowote mpya wa kwetu, kwa kawaida, utaanza kupata pesa zake Julai mwakani. Ila safari ya pesa hizo inaanza sasa hivi. Kufikia 1 Septemba kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka ujao, nasi hata hatutakuwa tumeanza vikao. Kufikia 28 Februari ije taarifa ya sera ya fedha inayoweka viwango vya kila idara. Kufikia 30 Aprili yaje makadirio yenyewe. Tena mwaka huu kuna kubwa zaidi: mpango wa miaka mitano unaoishia 2022 unafungwa, na mpya wa 2023 mpaka 2027 utaandikwa. Kisichoingia humo, kukiingiza baadaye ni vita. Wanaokuja kwenye vikao vya maoni ya wananchi ni kina nani? Kwa kawaida ni marafiki wa mshindi. Aliyeshindwa anasema "wacha wale wao", anabaki nyumbani, na kijiji chake kinakosa sauti miaka mitano. Hapo ndipo wa juu wanapotengwa, tena hata bila mtu kuwatenga.

Sasa mimi nimefanya hivi. Jana nimekaa na karatasi za kampeni za wapinzani wangu. Nilizisoma zote, zile mlizobandika juu ya sura yangu pia. Mwalimu aliandika kwamba zahanati ya juu haina mhudumu wa usiku, na mwanamke akishikwa na uchungu saa nne usiku anapakiwa kwenye bodaboda mpaka hospitali ya mbali, katikati ya mume na dereva. Mimi katika kampeni yangu niliahidi zahanati nyingine, huku chini. Nimekaa nikawaza. Jengo jipya linataka kiwanja, mkandarasi, miaka. Ile ya juu ina jengo, ina kitanda, ina tangi la maji. Inayokosa ni muuguzi wa pili, nyumba ya kumlaza na taa za sola. Wazo la Mwalimu ni rahisi kuliko langu na litaokoa watu mapema. Nalichukua. Na nitakapolisimamia Malindi nitasema ni la nani.

Kapteni alisema kuhusu banda la samaki na barafu. Tulikubaliana tangu mwanzo, tuligombana tu nani aliyesema kwanza. Kapteni, ni wewe. Dada yetu wa soko alitaka mtaro, kwa sababu mvua za masika zikija, nyanya zinaelea. Tutapima mtaro huo kabla ya masika. Yule kijana aliahidi mambo mengine ya angani (naye anacheka, namuona), lakini moja lilikuwa la maana: chuo cha ufundi kina vyerehani na hakina mwalimu wa ushonaji. Hilo si la mamilioni, ni la kufuata barua.

Kuhusu mahakama nako nitasema. Nasikia kuna wanaomsukuma Mwalimu aende kortini, na kuna watu wangu wanaosema akienda atakuwa adui. Hapana. Ana siku 28 tangu kutangazwa matokeo. Kesi ya mwakilishi wadi husikilizwa na hakimu, dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, na hukumu hutakiwa kutoka ndani ya miezi sita. Hiyo ni njia iliyowekwa na sheria. Akiifuata, nitaleta fomu zangu mbele ya hakimu, naye alete zake. Tukitoka nje tutasalimiana, na watoto wetu wataendelea kukaa dawati moja. Atakayemtukana kwa sababu ya kesi asiseme ananitetea.

Alinipigia simu Alhamisi, kabla hata sijapewa cheti. Akaniambia, "Dada, hongera. Watu wangu wameumia, nami nimeumia." Sikumwambia pole, maana pole ya mshindi inachoma. Nilimwambia, "Kaka, nitakuja kwako Jumapili, nikaribishwe au nisikaribishwe." Akanijibu, "Wewe njoo, uji upo."

Vijana wangu, nyinyi wa bodaboda mliofunga matawi kwenye pikipiki. Nawapenda, mlinibeba miezi mitatu kwenye vumbi. Ijumaa mlipita mbele ya nyumba ya Mwalimu mkipiga honi. Mkapita tena. Kina nani walikuwa ndani? Mama mkwe wake mgonjwa, na wapishi waliokuwa wamekusanyika kumfariji. Sitaki msafara huo. Leo mkutano ukiisha hakuna lori, hakuna spika za kuzunguka, hakuna kupanda juu. Ondoeni matawi hapa hapa, mpeni yule mzee mwenye mbuzi. Na matokeo ya rais yakitangazwa, awe ni wenu au si wenu, kila mtu akae kwake. Wengi wa mlio hapa mna shemeji upande wa pili. Harusi za Desemba mtapikiana wenyewe.

Nimalizie kwa mipango, kisha mwende, jua linazama. Kesho Jumapili baada ya ibada nitakuwa kwa Mwalimu, na siendi na kundi, naenda na mume wangu. Jumatano saa nane mchana tunakutana kwenye uwanja wa shule ya juu. Nimechagua kule kwa makusudi, kikao cha kwanza hakitakuwa huku kwangu. Ajenda ni moja: kila kijiji kilete mambo yake mawili tu ya kuingia kwenye mpango wa miaka mitano, yameandikwa, na mtu wa kuyaeleza. Mawili, si kumi. Kijiji kisichonipa hata kura moja kitazungumza kwanza, halafu tutakuja kushuka mpaka pwani. Msimamizi wa wadi atakuwepo na daftari la mahudhurio. Tieni sahihi, maana kikao kisicho na daftari Malindi kinahesabiwa hakikufanyika.

Wa chini, mtapanda kwa miguu, ni mwendo wa nusu saa. Wa juu wamekuwa wakiteremka kwetu siku zote. Kina mama mnaorudi ng'ambo ya barabara sasa hivi, vukeni pamoja pale kwenye matuta, magari ya Malindi hayapunguzi mwendo jioni. Asanteni sana.